Karatasi za Marudio ya Jiografia, Kidato cha Nne, Malindi: Tsunami ya 2004, Tope la Sabaki, Bandari ya Lamu

Zimekusanywa kutoka madaftari ya darasa. Usikariri takwimu peke yake. Ishike pamoja na sababu yake, maana namba tupu hutoweka mara tu unapoketi kwenye chumba cha mtihani.

KARATASI YA 1: Tsunami ya Bahari Hindi, 26 Desemba 2004

*Sababu.* Magharibi ya Sumatra, kwenye mfereji wa Sunda, bamba la India huzama chini ya bamba dogo la Burma. Mabamba hayo hayatelezi. Hukwama, mkazo ukajilimbikiza kwa mamia ya miaka, kisha ukingo wa juu ukafyatuka. Siku hiyo ufa ulifunguka kwa urefu wa kilomita 1,200 hadi 1,300. Ukubwa wa tetemeko: 9.1. Kina cha kiini: takriban kilomita 30. Sakafu ya bahari iliinuka mita kadhaa na kunyanyua maji yote yaliyokuwa juu yake.

Hapa ndipo alama zinapopotea. Ukiandika "tetemeko lilitikisa maji", umekosea. Kinacholeta tsunami ni maji mengi kusukumwa juu au chini kwa ghafla. Upepo hauhusiki kabisa, na kusi au kaskazi usiwataje hapa. Vilevile usichanganye kiini, mahali mwamba unapopasukia chini ya ardhi, na kitovu, mahali palipo juu yake wima kwenye uso wa dunia.

*Mwendo.* Kasi ya wimbi, v, hutegemea kina cha bahari, d, hapa mita 4000; g ni mvutano wa dunia:

```
v = √(g × d)
  = √(9.8 × 4000)
  ≈ 198 m/s ≈ 713 km/h
```

Kutoka kitovu hadi Malindi ni kama kilomita 6,200. Gawanya kwa 713 upate karibu saa 8.7. Tetemeko lilitokea saa 9:59 usiku kwa saa za kwetu (03:59), kwa hiyo hesabu inakufikisha karibu saa 6:40 mchana (12:40). Wimbi lilifika pwani ya Kenya mchana, kama hesabu inavyotaka. Katika jibu andika 03:59 na 12:40. Ukichanganya saa za Kiswahili na za kimataifa, hesabu nzima itakosea kwa saa sita.

Kwenye kina kirefu wimbi ni la chini, nahodha huenda asilihisi. Likifika maji machache hupungua kasi na kuinuka. Tena si wimbi moja: huja mfululizo, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Aliyerudi ufuoni kuokota samaki baada ya maji kupwa ghafla alijiweka hatarini.

*Athari.* Waliokufa na kupotea ni takriban 228,000 katika nchi 14. Indonesia peke yake karibu 167,000, wengi wao Aceh, ambako maji yalifika urefu wa mita 30 hivi mahali pengine. Sri Lanka zaidi ya 35,000, India karibu 16,000, Thailand karibu 8,000. Waliohama makwao: milioni 1.7. Visima viliingia chumvi, mashamba ya mpunga yakafunikwa matope, mashua na nyavu zikapotea; haya yaandike chini ya athari za kiuchumi, si za kimazingira pekee. Somalia walikufa karibu 300, na Hafun ndiko kulikoumia zaidi. Kenya alikufa mtu mmoja, hapa Malindi.

*Kwa nini Kenya ilinusurika?* Swali hili hupendwa na watahini. Jibu "tuko mbali" halitoshi, kwani Somalia nayo iko mbali. Toa sababu nne. Umbali ulipunguza nguvu. Ufa ulielekea kaskazini na kusini, kwa hiyo nguvu nyingi zilitupwa mashariki na magharibi, upande wa Sri Lanka na Somalia, nasi tuko pembeni kidogo. Maji yalikuwa hayajafika kilele cha kujaa. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, maji yakawa ya bamvua, na wimbi hilohilo lingekutana na maji makuu lingetupiga vibaya zaidi. Mwisho, habari ilitangulia: redio zilikuwa zimetangaza maafa ya Asia, na polisi wakawaondoa watu ufuoni.

*Hatua.* Za haraka: uokoaji, mazishi ya halaiki, maji safi, kambi. Misaada iliyoahidiwa ilifika takriban dola bilioni 14. Za muda mrefu: mfumo wa tahadhari wa Bahari Hindi ulioratibiwa na UNESCO, ulioanza kazi 2006, kabla yake kituo cha Pasifiki kilichoko Hawaii hakikuwa na njia ya kuwafikia wakazi wa pwani za huku. Aceh ilipata mkataba wa amani Agosti 2005. Ukitaka jibu lako lizidi la wenzako, taja kisiwa cha Simeulue: kilikuwa karibu sana na kitovu, lakini walikufa watu saba hivi, kwa sababu wazee waliwarithisha watoto habari ya *smong*: ardhi ikitetemeka sana na bahari ikipwa, kimbilia mlimani.

KARATASI YA 2: Tope la mto Sabaki

Mto ni mmoja wenye majina matatu: Athi huko juu, Galana baada ya kukutana na Tsavo, Sabaki ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi. *Sababu:* kulima miteremko ya Ukambani bila matuta, mifugo mingi kuliko malisho, ukataji miti, na mvua kubwa inayoshukia ardhi iliyo wazi.

*Athari* hazilingani mwaka mzima, na hili ndilo la kukariri. Wakati wa kaskazi mikondo husukuma maji mekundu kusini, kuelekea mji na matumbawe. Wakati wa kusi tope huelekea kaskazini. Matumbawe hupungukiwa na mwanga na kufunikwa chembechembe. Bustani ya bahari ya Malindi ni ya tangu 1968, na pamoja na Watamu ndizo za kwanza Kenya. Wageni huyakimbia maji yasiyoonekana chini. Ufuo wa mji nao umepanuka, nyumba zilizojengwa karibu na maji zikajikuta mbali nayo. Si hasara tupu: mchanga na tope la mlango wa mto hulisha mikoko na ndege wengi.

*Hatua:* matuta ya *fanya juu*. Chimba mfereji kwa kufuata mstari wa usawa, tupa udongo upande wa juu, panda majani kwenye tuta. Hushindwa mfereji ukitoka nje ya usawa, kwani maji hukusanyika pembe moja na kubomoa tuta. Kuzoa mchanga ufuoni hakusaidii. Chanzo kiko mamia ya kilomita juu.

KARATASI YA 3: Bandari ya Lamu

Fupi, kwa swali la maendeleo na mazingira. *Sababu:* kina cha asili katika ghuba ya Manda, msongamano wa Mombasa, na haja ya njia ya Ethiopia na Sudan Kusini. *Takwimu:* jiwe la msingi 2 Machi 2012. Gati 32 katika mpango, 3 za mwanzo. Gati ya kwanza ilifunguliwa 20 Mei 2021. *Athari:* uchimbaji wa mlango wa meli, mikoko kukatwa, wavuvi kupoteza maeneo yao. Lamu ina karibu asilimia 60 ya mikoko ya Kenya, kwa hiyo kila eka ina uzito. *Hatua:* mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Usiandike "Lamu yote ilihama", haikuhama. Mji Mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO 2001, uko kisiwani, ilhali gati ziko bara.