Yadi ya Mama

Siku tatu baada ya arobaini, Mwanahawa alifungua makufuli mawili ya duka la marehemu mama yao, Barabara ya 12, Ngamiani, mjini Tanga, akamtangulia mdogo wake Zuhura kuingia ndani. Gharama za mazishi zilikwisha kutolewa, na deni la muuzaji wa jumla wa Kariakoo lilikwisha kulipwa. Mjomba wao, ambaye kwa hesabu ya mirathi ndiye asaba aliyestahiki theluthi iliyobaki baada ya mabinti wawili kupata theluthi mbili zao, alikuwa ametamka mbele ya mashahidi kwamba fungu lake amewaachia wao. Zilibaki bidhaa tu.

Zuhura, mwalimu wa hesabu huko Dodoma, ndiye aliyeleta utaratibu. Atakayeanza atachagua kimoja, wa pili atachagua viwili, na kutoka hapo watakwenda kwa viwili viwili, ili mwenye zamu ya kwanza asimzidi mwenzake kila mzunguko. Mjomba aliomba aelezwe mara mbili, kisha akaketi mlangoni na kuzihesabu zamu kwa tasbihi.

"Anza wewe, mdogo wangu," alisema Mwanahawa, akiamini kwamba Zuhura ataikimbilia ile korja ya kanga mpya iliyokuwa bado kwenye nailoni, na kumwachia vitenge, ambavyo yeye alijua vinatoka haraka zaidi.

Zuhura alinyoosha mkono juu ya meza akachukua yadi ya mti.

Mwanahawa alimgeukia mjomba. "Hiyo nayo ni bidhaa?"

"Ni mali ya marehemu," alijibu mjomba, akavuta punje moja.

Kwa miaka mitatu, tangu miguu ya mama ilipokataa kusimama, yadi hiyo ilikuwa mkononi mwa Mwanahawa kuanzia asubuhi hadi magharibi. Hakusema neno. Alichukua vitenge, kisha akachagua doti moja ya kanga, akaikunjua mezani kwa namna ambayo jina lake lilimwelekea Zuhura: *Asiyekuwepo na lake halipo.*

Zuhura alilisoma. Zamu yake ilipofika alichukua ile korja mpya, na baada ya kupekua rafu ya chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaweka juu ya meza doti ya rangi ya zambarau: *Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.* Kila mwisho wa mwezi alikuwa akituma fedha za dawa, na hakuna aliyewahi kumtajia zilikokwenda.

Mwanahawa hakuhitaji kupekua, kwa sababu rafu zile alizipanga mwenyewe. Akavuta: *Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.*

"Naona mnakwenda vizuri," alisema mjomba, ambaye miwani yake ilikuwa nyumbani.

Waliendelea hivyo hadi adhuhuri. Madira yalikwenda kwa Zuhura, mashuka na mitandio kwa Mwanahawa, na kisutu cha zamani kisichokuwa na jina kilichukuliwa na Zuhura bila ya mtu kumjibu mwenziwe. Mwisho likabaki jora moja la bafta ambalo hakuna aliyeligusa, kwa kuwa lilikwisha kukatwa na urefu wake haukujulikana. Vile vitambaa vitano vya sanda ya mama vilitoka humo, na aliyevikata ni Mwanahawa.

"Hilo pimeni, mgawane nusu kwa nusu," alisema mjomba.

Zuhura alishika yadi, na Mwanahawa akashika ncha ya kitambaa. Moja. Mbili. Katika ya tatu Mwanahawa alimzuia mkono.

"Ongeza gumba."

"Kwa nini?"

"Tazama ncha yake. Imelika. Kwa kila yadi mama alikuwa akiweka gumba lake mwishoni, ndipo anatia alama. Alisema mteja hajui, lakini yeye anajua."

Zuhura aliipitisha ncha ile kwenye kiganja. Mti ulikuwa umechakaa upande mmoja ukawa mviringo, laini kama sabuni iliyotumika. Utoto wake wote aliuona ule mkono ukisita mwishoni mwa kila yadi, akadhani ni uzee, au ni mazoea tu.

Alijua fika kwamba katika kugawa nusu kwa nusu gumba lile halibadilishi chochote; yadi iwe fupi au timilifu, kati ya jora ni palepale. Hata hivyo aliirudisha bafta mwanzo, akailaza yadi, akaweka gumba lake kwenye ncha iliyolika, na Mwanahawa akatia alama kwa chaki.

"Moja," alisema.

Mjomba akavuta punje.