Kazi ya Darasa, Takwimu za Afya ya Umma, Swali la 3: Kufasiri koefisienti za kipindupindu, kartie ya Kyeshero, Goma

Data ni zile za mazoezi tulizotungiwa na mwalimu: wagonjwa 120 wa kipindupindu, na kwa kila mgonjwa majirani wawili wasiougua, jumla 240. Vigezo ni vitatu: kunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotiwa klori (`maji`), kuwa na sabuni karibu na choo (`sabuni`), na idadi ya watu nyumbani (`watu`).

```
m <- glm(ugonjwa ~ maji + sabuni + watu,
         family = binomial, data = d)
cbind(koef = coef(m),
      exp(cbind(OR = coef(m), confint.default(m))))
```

```
             koef    OR   2.5 %  97.5 %
(Intercept) -1.48
maji         1.12  3.06   1.81   5.20
sabuni      -0.65  0.52   0.32   0.85
watu         0.09  1.09   0.99   1.21
```

Maji. Koefisienti 1.12 iko kwenye kipimo cha logi ya odi, na odi ni idadi ya waliougua ikigawanywa kwa idadi ya wasiougua. Kipimo hicho hakimwambii muuguzi chochote, kwa hiyo tunakirudisha: exp(1.12) = 3.06. Kati ya watu wenye hali sawa ya sabuni na idadi sawa ya watu nyumbani, odi ya kuugua kwa anayekunywa maji ya ziwa bila klori ni mara 3.06 ya odi ya asiyeyanywa. Wigo wa uaminifu wa 95% unaanzia 1.81 hadi 5.20, hivyo hata upande wake wa chini uko mbali na 1.

Wengi huandika hapa kwamba mnywaji "ana hatari mara tatu". Sikuandika hivyo, na sababu inaonekana kwenye hesabu ghafi. Kati ya wagonjwa, 78 walikunywa maji hayo na 42 hawakuyanywa. Kati ya majirani, 96 na 144. Nikigawanya kana kwamba ni hatari, napata 78/174, yaani asilimia 45, dhidi ya 42/186, asilimia 23: mara 1.99. Sasa tuseme tungechukua majirani wanne kwa kila mgonjwa badala ya wawili, wenye tabia zile zile (192 na 288). "Hatari" inashuka hadi asilimia 29 na 13, na uwiano unakuwa 2.27. Ugonjwa ni ule ule, ziwa ni lile lile; kilichobadilika ni uamuzi wetu wa kuhoji majirani wangapi. Uwiano wa odi haukutikisika: (78 × 144)/(42 × 96) = 2.79, na (78 × 288)/(42 × 192) = 2.79. Ndiyo maana utafiti wa namna hii unaripotiwa kwa odi. Pale ambapo wanaougua ni sehemu ndogo ya wakazi wote, uwiano huo unakaribia uwiano wa hatari, lakini lazima mwandishi aseme kwamba anategemea hilo.

Tofauti kati ya 2.79 ghafi na 3.06 inatokana na kuweka sabuni na ukubwa wa familia ndani ya modeli.

Sabuni. exp(−0.65) = 0.52: odi inapungua kwa asilimia 48, vigezo vingine vikiwa sawa. Ukigeuza upande, wasio na sabuni wana odi mara 1.92. Sisemi kwamba sabuni pekee ndiyo iliyowakinga. Goma imejengwa juu ya lava, kuchimba choo kwenye mwamba huo kunagharimu, na nyumba yenye choo kizuri na sabuni huenda ndiyo yenye pesa ya kununua maji safi pia. Kipato hakimo kwenye modeli, na ningependa kingekuwamo.

Watu. 1.09 ni kwa kila mtu mmoja anayeongezeka. Nyumba zikitofautiana kwa watu watano, hatujumlishi asilimia 9 mara tano, tunachukua exp(5 × 0.09) = 1.57. Wigo wake, 0.96 hadi 2.56, unapita juu ya 1. Haina maana kwamba msongamano hauna athari: data hizi zinakubaliana na kutokuwepo kwa athari, na pia na athari kubwa kuliko ya kukosa sabuni. Familia nyingi za Goma zimepokea ndugu waliokimbia vita, kwa hiyo nisingekifuta kigezo hiki kwa sababu tu p ni 0.07.

Intercept. Nafasi ya odi yake nimeiacha wazi kwenye jedwali. Inabeba ule uamuzi wetu wa majirani wawili kwa mgonjwa mmoja, na kuisoma kama kiwango cha kipindupindu Kyeshero kungekuwa uongo.

Sentensi kwa reko wa kartie (sehemu ya c). "Katika hesabu hii, kunywa maji ya ziwa yasiyotiwa klori kulionekana zaidi sana kwa wagonjwa kuliko kwa majirani zao wazima, hata tulipolinganisha nyumba zenye hali sawa ya sabuni na ukubwa sawa; mama akifika ziwani, hakikisha bidoni yake imetiwa klori kabla hajaibeba."