Mkopo wa alizeti

Nilikopa milioni 2 mwezi wa sita, ya kurudisha milioni 2 na laki 6, laki na 30 kila jumatano kwa wiki 20. Mimi deni lilikuja kuisha wiki ya 29. Naandika sa hivi kwa sababu limeisha, lingekua bado nisingekua na moyo wa kuandika.

Nina genge hapa Nkuhungu, nyanya, mchicha, mlenda mkavu, vitu hivyo. Jirani yangu mwaka wa nyuma alinunua alizeti wakati wa mavuno akaziweka ndani, mwezi wa kumi na moja akauza akabadilisha bati za nyumba. Nikaona kumbe hela iko hapo. Nikaenda upande wa Kongwa nikachukua gunia 30 kwa elfu 58, usafiri elfu 3 kila gunia, jumla milioni 1 na laki 8 na elfu 30. Zikapangwa sebuleni mpaka dirishani, watoto wakawa wanapanda juu kufanyia homuwek.

Kosa lilikua hapo hapo na sikuliona. Mzigo wangu ulikua wa miezi mitano ila marejesho yanaanza wiki inayofuata. Nilihesabu faida ya mwezi wa kumi na moja, jumatano sikuihesabu. Genge siku nzuri linanipa faida elfu 12, hata siku zote saba zikiwa nzuri ni elfu 84, ilobaki itoke wapi? Ikatoka kwenye mtaji. Rejesho la kwanza nililipa na chenji ya mkopo wenyewe, la pili mpaka la tano genge likawa linapungua tu, mara sina vitunguu mara sina karoti, na mteja akikuta huna mara mbili hua harudi bana.

Wiki ya sita nikapungukiwa elfu 45. Kwenye kikundi chetu tuko kumi na hela isipotimia hakuna anaeondoka. Tumekaa barazani kwa mwenyekiti, upepo wa mwezi wa saba unatupiga vumbi, afisa mikopo kafungua daftari kalamu iko mkononi haandiki, dada mmoja anasema jamani mimi nimeacha mtoto anaumwa. Hakuna aliyenitukana. Walichanga elfu tano tano na wa mwisho kutoa alihesabu sarafu za mia mbili mbili, naisikia mpaka leo ile sauti ya sarafu kwenye meza.

Ili isijirudie nikaenda kuchukua kausha damu, laki 3 narudisha laki 3 na 90 ndani ya siku 30, friji ikabaki kwao. Mume wangu nikamwambia friji iko kwa fundi. Yeye mwenyewe ni fundi ujenzi, akauliza fundi gani huyo wa wiki tatu, nikamwambia spea zinatoka Dar. Siku 30 zikafika nikauza gunia 10 kwa elfu 41 nikaikomboa friji, mkononi nikabaki na elfu 20. Siku imerudi ndo nikamweleza yote. Hakugomba, alitoka nje akakaa kwenye tofali kama saa zima alafu akarudi akauliza zimebaki gunia ngapi. Afadhali angegomba kwa kweli.

Zilibaki 20. Nikang'ang'ana nazo nikijua bei itapanda, haikupanda, mwezi wa kumi nikazipeleka mashineni kwa elfu 34. Ukijumlisha zote nimepata milioni 1 na elfu 90 kwenye mzigo wa milioni 1 na laki 8. Piga hesabu mwenyewe mimi nimeshaipiga sana.

Wiki ya 20 nilikua bado na laki 3 na 30, wenzangu wakaimaliza kule ili kikundi kisiharibikiwe na mimi nikawa nawalipa wao kidogo kidogo mpaka mwezi wa kwanza. Hapo ndo palikua pagumu kuliko kwa afisa, maana afisa unamuona jumatano tu, hawa tunakutana kisimani, msibani, kanisani, na ukinunua kitenge unajua wanakiangalia. Sikununua.

Watu wananiambia riba ndo ilikuumiza. Riba ilikua kubwa ndio ila nilisaini nikiwa naijua, hakuna aliyenidanganya. Kausha damu pia nilienda kwa miguu yangu.

Genge lipo, dogo kuliko mwanzo, karoti zimerudi juzi. Jumatano iliyopita nilienda barazani kusalimia tu maana sina mkopo, nikakuta dada wa sarafu amepungukiwa elfu 15, nilikua na elfu 8 ya nyanya za kesho nikampa. Bado nadaiwa elfu 40 na mama mkwe, tumekubaliana mwezi huu namlipa kwa mahindi.