Barua ya Rufaa kwa Mwanasaikolojia: Binti wa Miaka 16 Mwenye Huzuni ya Muda Mrefu

SIRI. Ifunguliwe na mlengwa pekee.

Kliniki ya Vijana, Kituo cha Afya cha Kata,
Manispaa ya Ilemela, Mwanza.
9 Julai 2025

Mwanasaikolojia Tiba,
Kitengo cha Afya ya Akili,
Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando,
Mwanza.

YAH: RUFAA YA NEEMA M., MIAKA 16, KIDATO CHA TATU, MKAZI WA KIRUMBA

Ndugu mwanasaikolojia,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namleta kwako Neema kwa uchunguzi wa kina na tiba ya mazungumzo. Nimemwona mara mbili, tarehe 25 Juni na jana tarehe 8 Julai. Naona ana sonona ya kiwango cha kati kuelekea kikali, iliyoota juu ya msiba ambao hajawahi kupewa nafasi ya kuulilia. Naomba aonwe ndani ya siku kumi. Si dharura ya leo usiku, lakini pia si mgonjwa wa kupangiwa foleni ya mwezi ujao.

Alikuja na mama yake kwa malalamiko ya kichwa na uchovu. Mama alidhani ni malaria isiyoisha, kwani tangu Machi walikuwa wameshapita kwenye maduka mawili ya dawa. Nilipomuuliza Neema mwenyewe, alitazama sakafu, akasema, "Mwili upo daktari, ila mimi sipo." Kwa muda wa miezi minne hivi analala saa nane za usiku na kuamka kabla ya adhana. Chakula anakimega tu na kukiacha. Uzito umeshuka kutoka kilo 51, zilizoandikwa kwenye kadi yake mwezi Januari, hadi kilo 46. Alikuwa kwaya ya kanisani, ameacha. Alikuwa akisuka wenzake nywele Jumamosi, ameacha. Darasani anakaa, daftari limefunguliwa, na kengele inagonga akiwa hajaandika mstari. Mwalimu wa malezi alimwandikia mama barua akisema mtoto amekuwa mvivu na mwenye kiburi. Nimesoma barua ile. Dalili alizoziona mwalimu ni za kweli kabisa, jina alilozipa ndilo silikubali.

Sasa nieleze chanzo, maana hapa ndipo uzito wote ulipo.

Mapema Oktoba 2024 kaka yake, Yohana, aliyekuwa na miaka 19, alizama ziwani akivua dagaa nje ya Igombe. Upepo uliwakuta usiku wa giza, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa, yeye alipatikana siku ya pili. Baba na mama walitengana zamani, hivyo Yohana ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Wiki chache baadaye Neema alifanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili na kupata daraja la pili. Watu wote walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Nadhani sifa ile ilimfungia mlango: baada ya hapo hakuona ruhusa ya kulia.

Jambo jingine aliniambia tulipobaki wawili, mama akiwa nje na muuguzi. Siku ile Yohana alikuwa amepanga kupumzika. Neema alimkumbusha kwamba mchango wa kambi ya masomo ulikuwa unatakiwa Jumatatu. Kaka akachukua taa na kwenda Mwaloni kutafuta nafasi kwenye mtumbwi. Neema anaamini yeye ndiye aliyemuua kaka yake. Hajawahi kumwambia mtu. Amenipa ruhusa nikuandikie wewe, na ameniomba kwa kulia mama asijue kwa sasa. Nimemwahidi. Ndiyo sababu barua hii imefungwa kwa lakiri na mama anaibeba bila kuisoma, naye amelikubali hilo.

Kitu kimoja cha nyumbani ukijue kabla hujakutana nao. Mama anaitwa Mama Yohana, na mtaa mzima bado unamwita hivyo. Kila anayebisha hodi, kila mteja wa dagaa, analitaja jina la marehemu mbele ya Neema. Hakuna anayekosea, ndiyo desturi yetu ya kumheshimu mzazi, lakini nilimwona binti akishtuka muuguzi wangu alipoliita jina hilo kwenye benchi. Mimi namwita "mama" tu ninapokuwa nao wote wawili. Utaamua mwenyewe wakati gani jina hilo lizungumzwe.

Kuhusu usalama nilimuuliza moja kwa moja, bila kuzunguka. Anatamani "nisiamke kesho" siku kadhaa kwa wiki. Hana mpango, hajawahi kujaribu kujiua, hajawahi kujikata. Jioni huwa anakwenda kukaa ufukweni karibu na mitumbwi iliyovutwa juu, nilimuuliza anakwenda kutafuta nini, akasema, "Namsubiri arudi, ingawa najua." Anachosema akimkumbuka mama yake na mdogo wake wa miaka saba ni kwamba hawezi kuwaongezea msiba. Nimelichukua hilo kama kinga ya kweli, ila siyo kinga ya kutegemea peke yake. Tumekubaliana mambo haya, na Neema akiwepo: asiende ziwani peke yake, alale chumba kimoja na shangazi yake, na dawa zote za nyumbani pamoja na ile ya kuua wadudu zifungwe kwenye sanduku ambalo ufunguo anao mama. Hali ikibadilika wataenda moja kwa moja idara ya dharura, kwenu Bugando au Sekou Toure, bila kunisubiri mimi. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa watoto, Neema ameiandika nyuma ya daftari lake mwenyewe.

Dodoso la PHQ-9, toleo la vijana, lilitoa alama 16 kati ya 27 tarehe 25 Juni na alama 15 jana. Swali la tisa alijibu "siku kadhaa" mara zote mbili. Sikuona dalili za kusikia sauti, imani potofu, wala kipindi chochote cha kuchangamka kupita kiasi. Hatumii pombe wala kitu kingine. Nilimuuliza faragha kuhusu kupigwa, kutongozwa kwa nguvu na kunyanyaswa. Alikana, na sikuona sababu ya kutomwamini, ila swali hilo lirudiwe akishakuzoea.

Kimwili: kipimo cha haraka cha malaria hasi, ujauzito hasi, na VVU hasi, alichokubali kupimwa mwenyewe. Hemoglobini gramu 11.4, upungufu mdogo wa damu, nimempa madini ya chuma. Choo kilionyesha mayai ya kichocho, jambo la kawaida kwa mtoto wa ufukweni, nimemtibu kwa prazikwanteli. Haya mawili yanaweza kuchangia uchovu, lakini hayaelezi machozi. Kipimo cha tezi ya shingo hatuna hapa. Kama mnaweza kukifanya, nitashukuru.

Sijamwanzishia dawa ya sonona. Kwa umri wake na kwa hali hii naona mazungumzo yatangulie, na dawa, kama itahitajika, iamuliwe pamoja na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Ila fahamu kwamba moja ya yale maduka ya dawa lilimuuzia amitriptilini ya miligramu 25 "ya usingizi". Alikuwa amemeza vidonge sita kwa siku tofauti. Nimemsimamishia na nimevichukua vilivyobaki, kwa sababu dawa hiyo ikimezwa kwa wingi inaua, na nyumba hii haipaswi kuwa nayo.

Ridhaa. Neema hajafikisha miaka 18, hivyo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto. Mama yake, ambaye ndiye anaishi naye na kumlea, ametia saini fomu ya ridhaa jana mbele yangu na mbele ya muuguzi, nakala imeambatanishwa. Ameridhia mambo manne: uchunguzi wako, tiba ya mazungumzo, wewe na mimi kupeana taarifa, na Neema kuonwa akiwa peke yake. Hilo la nne lilichukua muda. Mama aliogopa kwamba mtoto akiongea faraghani atageuzwa dhidi yake. Nilimweleza kwamba yatakayosemwa ndani yatabaki ndani, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtu unapokuwa hatarini, na hapo ataambiwa. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi asemee huko, mradi aseme."

Baba anaishi kisiwani Ukerewe. Nilimpigia simu, mama akiwa ameridhia nifanye hivyo. Mwanzoni alikataa kwa sauti ya juu, akisema binti yake hatapelekwa Mirembe. Nilimweleza kwamba hakuna anayepelekwa Dodoma, hakuna kulazwa, ni kukaa na mtaalamu na kuzungumza. Aliuliza kama shule itajua. Nikamjibu kwamba shule haitaambiwa lolote bila wao kukubali. Mwishoni alisema hana pingamizi. Muuguzi alisikia na nimeiandika kwenye faili, saa na tarehe. Ridhaa ya maandishi iliyopo ni ya mama peke yake. Kwa matibabu yoyote yanayozidi mazungumzo, tafadhali wasiliana naye tena.

Neema mwenyewe amekubali kuja. Nilimuuliza mbele ya mama na nikamuuliza tena tukiwa wawili. Sharti lake ni moja: asionwe na mtu anayeifahamu familia yake Kirumba. Kama unawafahamu, naomba umpeleke kwa mwenzako.

Ninachokuomba ni tathmini yako, hatari ya kujiua ikiwemo, na kumsaidia kwa hatia anayoibeba juu ya kifo cha kaka yake. Siku akiwa tayari, naomba uwe pale anapomwambia mama yake. Nisingependa alifanye hilo peke yake jikoni. Naomba pia ushauri wa namna ya kuiandikia shule, ambayo kwa sasa inamwadhibu kwa kuchelewa. Na Oktoba inakuja: utatimia mwaka mmoja tangu kifo cha Yohana, wakati mgumu, pamoja na misa ya kumbukumbu, kwa hiyo ningefurahi kama vikao vitakuwa havijaisha kabla yake.

Kuhusu ratiba, mama anauza dagaa Mwaloni. Wakati wa giza anakuwa mwaloni tangu alfajiri na mchana anaanika. Mwezi ukiwa mkubwa kazi inapungua. Wiki hii ni mbalamwezi, anaweza kuja siku yoyote hadi tarehe 17. Siku za giza ataletwa na shangazi, ambaye mama amemtaja kwenye fomu kama msindikizaji tu, siyo mtoa ridhaa. Hawana bima. Afisa ustawi wa jamii wa kituo chetu ameandika barua ya kuomba wapunguziwe gharama, nayo imo kwenye bahasha.

Nitaendelea kumwona kila baada ya wiki mbili kwa uzito na damu, kwanza tarehe 22 Julai. Asipofika kwako siku mtakayopanga, tafadhali nipigie siku hiyo hiyo kwa namba iliyo kwenye muhuri. Nitamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii nyumbani kwao.

Wako katika kazi,

Dkt. J. Mabula
Daktari, Kliniki ya Vijana
(Saini na muhuri)

Viambatanisho: fomu ya ridhaa ya mzazi, majibu ya maabara, madodoso mawili ya PHQ-9, barua ya afisa ustawi wa jamii.