Kenyatta Gani?

Wahusika: KONDAKTA, MAMA, MWANAFUNZI.
Jukwaa: ndani ya matatu jijini Nairobi; viti 6 katika jozi, njia katikati. MAMA ana chupa ya uji na mfuko wa ndizi. Abiria wote wayumbe upande mmoja gari likikata kona; bila kuyumba huko, matatu haionekani.

KONDAKTA: (akining'inia mlangoni) Ngara, Pangani, Roysambu, Githurai, Kenyatta! Wawili wa mwisho!

MAMA: Kenyatta unafika?

KONDAKTA: Hadi getini, mathe. Ingia, ingia! (Anagonga ubavu wa gari mara mbili.) Twende, dere!

(Kimya kifupi. KONDAKTA anapokea nauli, noti zikiwa zimekunjwa katikati ya vidole.)

MAMA: Kijana, wodi ziko upande gani ukishuka?

KONDAKTA: Wodi? Kule ni hosteli na madarasa.

MAMA: Mgonjwa wangu alale darasani?

MWANAFUNZI: Shosho, hili linaenda Chuo Kikuu cha Kenyatta, Barabara ya Thika. Wewe unataka Hospitali Kuu ya Kenyatta.

MAMA: Si nilisema Kenyatta!

KONDAKTA: Nami nikasema Kenyatta! (Anagonga mara moja.) Dere, shusha Pangani! Mathe, shika nauli yako. Vuka kwa daraja la miguu, panda la kurudi tauni. Ukifika, usiseme Kenyatta tu; sema hospitali.

MAMA: (akishuka) Asante, mwanangu.

KONDAKTA: (kwa hadhira) Kenyatta, chuo! Kenyatta ya vitabu!

SAUTI NJE: Mimi naenda Barabara ya Kenyatta!

(Taa zinazimwa.)