Kileleni Hakuna Pa Kuhamia

Ukipanda kutoka Lindi mjini kwenda Rondo alfajiri, utatafuta shuka. Pwani umetoka ukitokwa jasho. Huku juu, chini kidogo ya mita 900, ukungu umelala kwenye majani na matone yanaanguka shingoni. Kwa kawaida, kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kwa hiyo dunia ikiongezeka joto nyuzi 1, kiumbe anayetaka ubaridi uleule wa zamani hana budi kupanda mita 150 hadi 200.

Wa mabondeni anayo nafasi ya kupanda. Wa kileleni anapanda kwenda wapi?

Tena mlima huchongoka. Chukua mlima wenye umbo la pia iliyopinduliwa: ukifika nusu ya kimo chake, eneo lililobaki juu yako ni robo tu ya eneo lote la mlima. Viumbe wa huko juu hupungua, huzaana wenyewe kwa wenyewe, na wageni kutoka chini wanafika kugombea chakula. Huko Peru, kwenye mlima Pantiacolla, ndege waliohesabiwa mwaka 1985 walihesabiwa tena 2017. Baadhi ya wale wa kileleni hawakuonekana tena.

Rondo kwetu ni tambarare iliyoinuka, na juu yake hakuna ngazi nyingine. Kuna komba mdogo anayeitwa kwa jina la Rondo, mwepesi kuliko yai kubwa la kuku. Nikimsikia usiku, roho inaniuma.