Maelezo ya mbinu: data zinazokosekana na thamani zilizojitenga katika dodoso la wanafunzi wa masomo ya jioni

Maelezo haya yanaambatana na ripoti ya dodoso lililojazwa na wanafunzi 84 wa masomo ya jioni, 31 kwa karatasi na 53 kwa simu. Swali kuu lilikuwa kama saa za kazi ya ajira kwa wiki zinahusiana na saa za kujisomea, umri na dakika za safari ya kwenda darasani vikizingatiwa. Katika sampuli ndogo kama hii, uamuzi kuhusu mtu mmoja tu unaweza kusogeza jibu, kwa hiyo kila uamuzi umeelezwa hapa pamoja na sababu yake na athari yake kwa matokeo.

Thamani zisizowezekana

Tulianza na thamani ambazo haziwezi kuwa za kweli, kabla ya kuhesabu mapengo, kwa kuwa kosa likishagunduliwa bila kusahihishika nalo hugeuka pengo. Fomu moja ya karatasi ilikuwa imeingizwa kwenye kompyuta ikiwa na saa 180 za kujisomea, ilhali wiki nzima ina saa 168. Tulipoitoa fomu yenyewe kwenye jalada tulikuta mwanafunzi ameandika “dk 180”, na aliyeingiza data hakuziona herufi mbili za mwanzo. Tukasahihisha kuwa saa 3. Umri wa miaka 4 nao ulikuwa 41 kwenye karatasi.

Tatizo la tatu halikuwa na karatasi ya kurejea. Mtu mmoja aliyejaza kwa simu aliandika saa 120 za kazi na saa 60 za kujisomea. Kila moja peke yake ingeweza kubishaniwa, lakini kwa pamoja ni saa 180, na hatukuwa na njia ya kujua ipi ndiyo mbovu. Tulizifuta zote mbili na kuzihesabu kuwa zinakosekana, huku majibu yake mengine yakibaki. Kanuni nyingine zote za maelezo haya ziliandikwa kabla ya kuendesha regresheni. Hii ya kujumlisha saa ilikuja baada ya kuiona data, na msomaji anastahili kulijua hilo.

Data zinazokosekana

Baada ya masahihisho hayo, saa za kazi zilikosekana kwa watu 11, saa za kujisomea kwa watu 4 na umri kwa mtu 1. Dakika za safari zilijazwa na wote. Kwa kuwa mtu mmoja, yule wa saa 180, alikosa vigeu viwili, wenye pengo lolote walikuwa 15, na waliokamilika 69.

Mapengo ya saa za kazi hayakutawanyika kiholela. Kati ya watu 10 walioliacha swali hilo wenyewe, 9 walitumia karatasi, yaani 9 kati ya 31, ikilinganishwa na 1 kati ya 53 waliotumia simu. Sababu ilionekana mara tu tulipoishika fomu mkononi: swali lilikuwa chini kabisa, nyuma ya ukurasa, chini ya mstari ambao wengi waliudhani ndio mwisho. Kwa mgawanyo uliowekwa na Donald Rubin mwaka 1976, hali hii inakaribia zaidi ile ambayo kukosekana kunaelezwa na kigeu kilichopimwa, hapa aina ya fomu, kuliko ile ya bahati tupu. Jaribio la Little la mwaka 1988, ambalo hupima dhana ya bahati tupu, hatukulitegemea: katika sampuli ndogo lina nguvu hafifu, na kushindwa kwake kuonyesha tofauti kusingethibitisha lolote.

Kuwatupa watu 15 kungepunguza sampuli kwa karibu asilimia 18, na wengi wao wangekuwa watumiaji wa karatasi, ambao katika data hii ndio wenye umri mkubwa zaidi. Kuziba kila pengo kwa wastani nako tulikukataa, maana kunabana mtawanyiko kwa njia ya bandia na kuyafanya makadirio yaonekane sahihi kuliko yalivyo. Tulichagua ujazilizaji wa mara nyingi: seti 20 zilizojazilizwa kwa kuazima thamani halisi za watu wenye makadirio yanayokaribiana, aina ya fomu ikiwa miongoni mwa vigeu vya kukadiria. Idadi ya 20 inafuata desturi kwamba seti zisipungue asilimia ya watu wenye mapengo. Wanne wasio na saa za kujisomea walisaidia katika ujazilizaji, lakini hawakuingia katika regresheni, kwani matokeo yaliyobuniwa na modeli huongeza kelele bila kuongeza taarifa; uchambuzi mkuu kwa hiyo una watu 80.

```r
jibu <- !is.na(d$kujisomea)
imp <- mice(d, m = 20, method = "pmm", maxit = 20, seed = 4127)
fit <- with(imp, lm(kujisomea ~ kazi + umri + safari, subset = jibu))
summary(pool(fit))
```

Thamani zilizojitenga

Hatukutumia kanuni ya mikengeuko sanifu mitatu kutoka kwenye wastani. Thamani kubwa kupita kiasi huuvuta wastani na kuutanua mkengeuko uleule unaotumika kuipima, hata ikajificha nyuma yake; katika kundi la watu 10, kwa mfano, hakuna thamani inayoweza kufika mikengeuko mitatu, kwa kuwa upeo wake ni (n − 1)/√n, yaani 2.85. Badala yake tulipima umbali kutoka thamani ya katikati kwa kutumia thamani ya katikati ya mikengeuko kamili, na kikomo cha 3.5.

Kwa saa za kujisomea, thamani ya katikati ilikuwa 9 na thamani ya katikati ya mikengeuko kamili 4. Saa 30 zilipata 0.6745 × 21 / 4 = 3.54, na saa 45 zikapata 6.07. Safari za dakika 120, 130 na 150 nazo zilivuka kikomo. Hakuna hata moja iliyoondolewa. Kikomo kinatuambia wapi pa kuangalia, hakituambii nani amedanganya: mwenye saa 45 hana ajira na majibu yake yote yanaafikiana, na safari ya dakika 150 ni ndefu lakini ipo duniani.

Matokeo chini ya chaguo tofauti

Katika uchambuzi mkuu, kila saa moja zaidi ya kazi ilienda na upungufu wa saa 0.14 za kujisomea (mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 0.06 hadi 0.22). Kwa watu 69 waliokamilika, upungufu ulikuwa 0.11 (0.02 hadi 0.20). Kumwondoa mwenye saa 45 kuliushusha hadi 0.11 pia, na regresheni ya Huber, inayompunguzia uzito bila kumfuta, ilitoa 0.12. Mtu huyo mmoja basi anabeba takriban moja ya tano ya ukubwa wa uhusiano, ingawa si mwelekeo wake, na ndiyo maana ripoti inataja 0.14 sambamba na 0.11.

Inabaki dhana isiyopimika: kwamba wanaofanya kazi saa nyingi mno ndio walioliruka swali kwa makusudi. Tuliongeza saa 5, kisha 10, kwa kila thamani ya kazi iliyojazilizwa, na upungufu ukawa 0.13 na 0.12. Ingehitajika tofauti kubwa kuliko hiyo kuligeuza jibu, na hali ya ile fomu ya karatasi haitupi sababu ya kuidhania. Faili la awali halijaguswa. Masahihisho mawili na thamani mbili zilizofutwa vimo katika daftari la mabadiliko, kila kimoja kikiwa na namba ya fomu.